Nilivyochambua mkataba wa franchaizi kabla ya saini: ada, eneo, viwango na kuvunjika kwake

Mimi ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa sasa watu wa hapa Dar es Salaam wananiletea mikataba ya franchaizi niwasomee kabla hawajatia saini. Ni ile mikataba ya kufungua mgahawa, duka au kituo cha huduma kwa jina la kampuni ya mtu mwingine. Wengi huuliza mambo manne yaleyale: nitalipa nini, eneo langu ni lipi, nitafuata viwango gani, na mkataba unaweza kuvunjwa vipi. Kitu cha kwanza kilichonifungua macho ni kwamba mambo hayo hayakai kwenye vifungu vyenye majina yao. Ada ya kweli imejificha kwenye tafsiri ya maneno mwanzoni na kwenye majedwali mwishoni. Eneo linaweza kupunguzwa ndani ya kifungu cha ukiukaji. Viwango vyenyewe, mara nyingi, havimo kwenye mkataba kabisa.

Nitaeleza kwa mkataba mmoja ulionifundisha zaidi ya mingine. Dada mmoja mwenye uzoefu wa kuendesha migahawa alitaka kufungua duka la kuku wa kukaanga Mikocheni, chini ya jina la kampuni ya nje. Kampuni hiyo nitaiita mwenye chapa, na dada nitamwita mwendeshaji. Alikuja na kitabu kinene cha Kiingereza pamoja na karatasi moja ya muhtasari aliyopewa na ofisa mauzo: ada ya kuingia dola 30,000, mrabaha, yaani malipo ya kila mwezi ya kutumia jina, asilimia 6 ya mauzo, matangazo asilimia 4, miaka 10, eneo Kinondoni. "Kaka, mimi nimeshaelewa," aliniambia. "Ni asilimia kumi kwa jumla. Nataka tu uniangalizie kama kuna kitu kibaya."

Huwa sianzi na ukurasa wa kwanza. Naanza na majedwali ya mwisho, kisha tafsiri ya maneno, ndipo naingia kwenye vifungu. Pembeni naweka karatasi yenye safu chache: jambo, namba ya kifungu, maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, linaelekeza kwenye kifungu gani kingine, na swali la kuuliza. Maneno nayanakili vilevile bila kuyafupisha, kwa sababu mtu akifupisha ndipo "mauzo ghafi" yanapogeuka kuwa "mauzo", na tofauti ya hayo mawili ni pesa. Mkataba usiposema kitu, naandika "kimya" kwenye kisanduku. Kisanduku chenye neno hilo kina uzito sawa na kilichojaa maandishi.

Kifungu cha ada kilisema mrabaha ni asilimia 6 ya Mauzo Ghafi, kama muhtasari ulivyosema. Lakini jedwali la pili mwishoni liliongeza kwamba mrabaha hautapungua dola 2,000 kwa mwezi. Tulihesabu dola kwa shilingi 2,500 ili kazi iwe nyepesi, hivyo kima cha chini kikawa shilingi milioni 5. Ili asilimia 6 ifikie milioni 5, duka linatakiwa kuuza zaidi ya milioni 83 kwa mwezi. Dada alikuwa amejipangia milioni 80, na hayo ni mauzo ya mwezi mzuri. Maana yake hata katika mwezi mzuri asingelipa asilimia 6. Angelipa dola 2,000, na shilingi ikishuka thamani kima hicho kingepanda chenyewe bila yeye kuuza hata kipande kimoja cha ziada.

Kisha kulikuwa na sentensi fupi mwishoni mwa kifungu cha malipo: kiasi chote kitamfikia mwenye chapa kamili, bila makato ya kodi ya aina yoyote. Hapa Tanzania mrabaha unaolipwa kwa mtu wa nje unakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kwa kawaida kodi hiyo ni ya anayepokea pesa, na mlipaji anaikata tu na kuipeleka TRA. Sentensi ile inaihamishia kwa mwendeshaji. Ili milioni 5 ifike kamili, lazima ugawe kwa 0.85, unapata kama milioni 5.88. Hapo ndipo huwa nauliza kampuni imesajiliwa nchi gani, kwa sababu Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo Afrika Kusini na India, na mkataba kama huo unaweza kushusha kiwango.

Tukaendelea kujumlisha. Matangazo asilimia 4 ni milioni 3.2. Kifungu kingine, mbali kabisa na cha ada, kilimtaka atumie asilimia 2 nyingine kwa matangazo ya mtaani kwake na kutuma risiti: milioni 1.6. Ada ya mfumo wa kompyuta ni dola 150 kwa mwezi, yaani shilingi 375,000. Jumla ikawa kama milioni 11.06 kwenye mauzo ya milioni 80, karibu asilimia 13.8. Ile asilimia kumi ya karatasi ya muhtasari ni milioni 8. Tofauti ni zaidi ya milioni 3 kila mwezi, na nusu ya faida aliyoitarajia ilikuwa humo. Na hapo sikuwa nimegusa kodi ya zuio juu ya mchango wa matangazo. Hiyo niliiacha iwe swali la mshauri wa kodi, kwani inategemea mfuko uko wapi na malipo yanahesabiwa ni ya nini.

Ada za mara moja moja, kama za kuhuisha mkataba, kuuza biashara kwa mtu mwingine au kumpeleka meneja mpya mafunzoni, zinaandikwa tu kwenye karatasi pamoja na tarehe zake. Hazisumbui sana. Kilichotushika kwa muda mrefu ni tafsiri ya Mauzo Ghafi.

Tafsiri ile ilisema ni thamani ya kila kitu kinachouzwa dukani au kupitia duka, "iwe fedha imepokelewa au la", ukiondoa kodi ya mauzo iliyoonyeshwa peke yake kwenye risiti na kulipwa serikalini. Upande wa kodi tulikuwa salama, kwa sababu risiti ya EFD inaonyesha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mstari wake. Tatizo lilikuwa programu za simu za kuagiza chakula. Chukua oda ya shilingi 10,000 ambayo programu inakata robo. Dada anapokea 7,500, lakini asilimia 6 na asilimia 4 zinahesabiwa kwenye 10,000. Analipa 1,000 kutoka kwenye 7,500, ambayo ni asilimia 13.3 ya alichopokea, kabla ya kima cha chini na kodi ya zuio. Niliandika namba ya kifungu, nikazungushia maneno "iwe fedha imepokelewa au la", nikaweka alama ya kurudi hapo nitakapofika kwenye kuvunja mkataba. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Eneo lilitajwa kwa neno moja tu kwenye jedwali la kwanza: Kinondoni. Hakukuwa na ramani. Nilimwomba dada anitajie sehemu ambazo wateja wake wangetoka, akataja Mikocheni, Msasani, Kawe, Mwenge na Mlimani City. Mlimani City aliitegemea sana, kwa ajili ya watu wa ununuzi na wanafunzi wa Chuo Kikuu. Lakini Ubungo ilishamegwa kutoka Kinondoni ikawa manispaa yake, na Mlimani City iko upande wa Ubungo. Watu wengi bado husema Kinondoni kwa mazoea, na mtu aliyeandika jedwali akiwa nchi nyingine hawezi kujua kama amemaanisha mipaka ya zamani au ya sasa. Siku hizi jina la wilaya peke yake silikubali kabisa. Nataka ramani iliyochorwa mstari, yenye majina ya barabara zinazopita mpakani, ikiwa imetiwa saini na pande zote mbili.

Baada ya mpaka, nauliza swali moja na kulijibu kifungu kwa kifungu: nani anaweza kumuuzia mteja wangu kuku huyuhuyu, mwenye jina hilihili, ndani ya mstari huu, bila kuvunja mkataba? Kwa mkataba huu majibu yalikuwa mengi. Mwenye chapa aliahidi kutofungua "duka la kawaida" lingine ndani ya eneo. Ila alijiwekea haki ya kuweka maduka kwenye "maeneo maalumu", na tafsiri ya maneno ikataja viwanja vya ndege, vyuo, hospitali, vituo vya mafuta na majengo ya maduka makubwa. Kwa hiyo hata kama Mlimani City ingekuwa ndani ya mpaka, isingekuwa yake. Alijiwekea pia haki ya kuuza viungo na kuku wa kugandishwa kwenye maduka ya rejareja. Na kuhusu kupeleka chakula kwa pikipiki, mkataba ulikuwa kimya. Mwendeshaji mwingine akifungua Sinza, bodaboda wake anafika Mikocheni kwa dakika chache, na hakuna kifungu kinachomzuia.

Halafu ndani ya kifungu cha ukiukaji nikakuta aya inayosema mauzo yakiwa chini ya lengo kwa robo mbili mfululizo, mwenye chapa anaweza kupunguza eneo badala ya kuvunja mkataba. Lengo lenyewe liko wapi? "Kama litakavyowekwa kila mwaka." Eneo la miaka 10 kwenye muhtasari lilikuwa, kwa kweli, eneo la miezi sita inayohuishwa kwa lengo linalopangwa na upande mmoja.

Kwenye viwango vya chapa, mkataba ulikuwa na kurasa mbili tu, na sehemu kubwa ilikuwa inarudia sentensi moja: kwa mujibu wa Mwongozo, kama utakavyobadilishwa mara kwa mara. Mwongozo unatolewa baada ya saini na baada ya ada ya kuingia, ambayo hairudishwi. Wenye chapa wana sababu ya kuulinda, kwani humo ndimo kuna mapishi na taratibu zao, na mimi sishindani na hilo. Ninachoomba ni kuusoma ofisini kwao chini ya hati ya kutunza siri, au angalau kupewa orodha ya yaliyomo pamoja na fomu ya ukaguzi. Fomu ya ukaguzi ina thamani kubwa kuliko Mwongozo wote, kwa maana inaonyesha ni kosa gani linakatwa alama ngapi.

Walitupa fomu. Duka linakaguliwa bila taarifa, na likipata chini ya alama 80 mara mbili ndani ya miezi 12, huo ni ukiukaji usiopewa muda wa kurekebisha. Kosa la kukosa bidhaa iliyo kwenye menyu lilikatwa alama nyingi. Sasa tazama mambo yanavyoungana: unga wa viungo ulitakiwa ununuliwe kwa msambazaji mmoja tu, wa nje. Chakula kinachoingizwa nchini lazima kisajiliwe TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayoshughulikia usalama wa chakula, halafu mzigo upite bandarini. Kontena likichelewa, dada anakosa unga, anashindwa ukaguzi, na kosa linahesabiwa lake ingawa hakuruhusiwa kununua kwingine. Hatukuomba wamruhusu atumie viungo vya Kariakoo, maana ladha ndiyo wanayoiuza. Tuliomba maneno mawili: nani ana wajibu wa usajili wa TBS, na kwamba upungufu uliosababishwa na msambazaji wao hauhesabiwi kwenye alama.

Swali la pili kwenye viwango ni gharama ya mabadiliko. Mkataba ulimtaka akarabati duka kwa sura mpya kila wanapoamua, bila ukomo. Hapo tuliomba ukomo wa kiasi, na kwamba miezi 24 ya mwisho isiwe na ukarabati mkubwa. Suala la cheti cha halali tuliliandika kimya. Kwa Dar es Salaam duka la kuku lisilo na cheti hicho linapoteza wateja wengi, na Mwongozo haukusema kama kuku wa msambazaji aliyeidhinishwa wanacho.

Nikafika kwenye kuvunja mkataba. Hapa natenga makundi matatu: yanayovunja papo hapo, yanayotoa muda wa kurekebisha, na haki ya mwendeshaji mwenyewe kutoka. Kundi la tatu lilikuwa kimya. Dada hakuwa na kifungu hata kimoja cha kutoka kabla ya miaka 10. Kundi la pili lilitoa siku 10 kwa deni na siku 30 kwa mengine, zikihesabiwa tangu tarehe ya barua, siyo tarehe ya kuipokea. Kundi la kwanza lilikuwa na jambo lililonirudisha kwenye ile alama niliyoweka awali. Ukaguzi wa hesabu ukionyesha kwamba mauzo yaliyotangazwa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 5, mkataba unavunjwa papo hapo.

Nilimuuliza dada: programu ya simu ikikuletea pesa, wewe utaandika mauzo kiasi gani kwenye ripoti? Akajibu bila kusita, "Nitaandika kilichoingia benki." Ndivyo wengi wangefanya, bila nia yoyote ya kuiba. Tukaweka hesabu. Tuseme kati ya milioni 80, milioni 24 ni oda za simu. Programu inakata robo, benki inaingia milioni 18. Akitangaza milioni 74 badala ya 80, upungufu ni milioni 6, yaani asilimia 7.5. Mwezi wake wa kwanza kabisa ungekuwa tayari umetosha kuuvunja mkataba, kwa sababu ya maneno "iwe fedha imepokelewa au la" yaliyo kurasa nyingi nyuma. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba nimwonyeshe tena kifungu chenyewe.

Na mkataba ukivunjwa? Ndani ya siku 14 aondoe kila alama, akabidhi namba ya simu ya duka na kurasa za mitandao, na asifanye biashara ya kuku ndani ya kilomita 10 kwa miaka miwili. Kisha alipe fidia: wastani wa mrabaha wa mwezi mara miezi iliyobaki, usiozidi 36. Kwa milioni 5 ni shilingi milioni 180. Jedwali la mwisho lilikuwa hati ya dhamana binafsi, inayomfanya awajibike kwa mali yake hata kama amesajili kampuni. Ofisa mauzo aliitaja kama "fomu ya kawaida".

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia ya kiasi cha haki isiyozidi kile kilichotajwa, na haipendi makubaliano ya kumzuia mtu kufanya kazi yake halali. Lakini mkataba huu ulisema sheria itakayotumika ni ya nje na mgogoro utaamuliwa na msuluhishi nje ya nchi. Kwa hiyo nilimwambia asihesabu kinga hiyo mpaka wakili amwambie kama inamfikia. Nilimpeleka kwa wakili na karatasi yangu mkononi, na wakili alianza na namba za vifungu badala ya kusoma kitabu kizima upya, jambo lililompunguzia dada gharama.

Tulikagua pia mkataba wa pango. Fremu aliyoipata Mikocheni ilikuwa ya miaka 5, wakati franchaizi ni miaka 10, na kupoteza fremu kulikuwa sababu ya kuvunja mkataba. Mwenye nyumba akikataa kuongeza muda mwaka wa tano, fidia ya miezi 36 inamwangukia mpangaji.

Tanzania haina sheria maalumu ya franchaizi inayomlazimu mwenye chapa kumpa mtu taarifa kabla ya saini. Nchi nyingine zinayo. Marekani, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara inataka hati ya taarifa itolewe angalau siku 14 kabla. Ada zimo kwenye kipengele cha 5 na cha 6, eneo cha 12, kuvunja mkataba cha 17, na cha 20 kinaonyesha maduka yaliyofunguliwa na kufungwa. Afrika Kusini nayo, chini ya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008, inataka hati ya namna hiyo siku 14 kabla, na inampa mwendeshaji siku 10 za kazi za kughairi baada ya saini. Kama mwenye chapa anafanya biashara huko, hati hiyo anayo. Haimfungi kwa duka la Mikocheni, ila ukiilinganisha na mkataba wako utaona alichokuongezea.

Tuliwatumia maswali yetu, kila moja na namba ya kifungu. Kodi ya zuio waligoma kuigusa. Tafsiri ya Mauzo Ghafi nayo walikataa kuibadilisha, lakini walikubali kwamba upungufu wa ripoti uvunje mkataba pale tu unapofanywa kwa makusudi. Kima cha chini cha mrabaha kiliondolewa kwa mwaka wa kwanza. Ramani ilichorwa, fidia ikashushwa hadi miezi 12, na usajili wa TBS ukawa wao. Majibu hayo yalikuja kwa barua pepe nzuri, yenye maneno ya heshima, na dada alitaka kusaini siku ileile.

Nilimrudisha kwenye kifungu kimoja karibu na mwisho, kinachosema mkataba huu ndio makubaliano yote, na ahadi nyingine zozote za mdomo au maandishi zilizotangulia hazina nguvu. Barua pepe ile ilikuwa ahadi iliyotangulia. Wakili aliandika hati ya nyongeza yenye mabadiliko yote, ikisema kwamba ikigongana na mkataba, nyongeza ndiyo itakayofuatwa. Walichukua wiki kadhaa kuirudisha, na iliporudi tuliisoma neno kwa neno dhidi ya nakala yetu, tukakuta "kwa makusudi" imeondolewa. Tukaomba irudishwe. Ilirudishwa, na dada akasaini nyongeza na mkataba kwa pamoja, siku moja, kila ukurasa.